Usiulize tu akiba ni kiasi gani, uliza imelala wapi

Wengi wanaoanza kutumia sarafu thabiti, yaani sarafu ya kidijitali inayokusudiwa kuwa na thamani ya dola 1, hudhani inakaa hapo kwa sababu mtoaji wake kasema hivyo. Bei ya sokoni hupangwa na wanaonunua na wanaouza, basi. Kinachoirudisha kwenye dola ni ahadi ya kukomboa: ukimrudishia mtoaji sarafu, anaifuta na kukupa dola kutoka kwenye akiba yake. Ikishuka hadi senti 98, wafanyabiashara wakubwa wenye akaunti kwa mtoaji huinunua sokoni, huikomboa kwa dola nzima, na senti 2 ni zao. Kununua kwao ndiko kunakoipandisha bei. Wewe na mimi mara nyingi hatuna mlango huo. Tunauza sokoni kwa bei tunayoikuta.

Mlango huo ukifungwa hutokea nini? Machi 2023 sarafu thabiti ya USDC ilikuwa na akiba ya karibu dola bilioni 40, nyingi zikiwa dhamana za muda mfupi za serikali ya Marekani, nyingine fedha zilizowekwa benki. Ijumaa tarehe 10, Silicon Valley Bank ikafungwa na wasimamizi. Usiku huo Circle, kampuni inayotoa USDC, ikaeleza kuwa dola bilioni 3.3 za akiba zilikuwa bado humo.

Nilikuwa nashika fedha za ofisi wikendi ile, nikapiga hesabu haraka: hata zikipotea zote, zinabaki bilioni 36.7, karibu senti 92 kwa kila sarafu. Nikatulia. Jumamosi bei ikashuka chini ya senti 88.

Hesabu yangu ilikuwa sahihi, ila niliisahau kalenda. Benki zilikuwa zimefungwa, kwa hiyo aliyenunua kwa senti 88 hakuweza kupata dola yake hadi Jumatatu. Tena alijua kwamba watakaotangulia kwenye foleni watalipwa dola kamili kutoka akiba iliyo salama, na pengo lote litawaangukia wa nyuma. Nani angenunua kwa ujasiri hapo? Hata DAI, sarafu thabiti nyingine iliyokuwa imewekewa USDC nyingi kama dhamana, iliyumba nayo. Jumapili jioni mamlaka za Marekani zikatangaza kuwa wenye amana wote watalipwa, na Jumatatu bei ikawa karibu na dola tena.

Tangu hapo, ripoti ya akiba naanzia kwenye fedha zilizo benki: benki ngapi, zipi, na kiasi gani kwa kila moja. Kisha naangalia tarehe, maana uthibitisho wa mhasibu mara nyingi ni picha ya siku moja. Mwaka 2021 Tether, kampuni inayotoa sarafu thabiti ya USDT, ilipigwa faini ya dola milioni 41 na CFTC, tume ya Marekani inayosimamia masoko ya bidhaa, iliyosema kwamba katika kipindi cha miezi 26 kati ya 2016 na 2018, akiba ya kutosha ilikuwepo kwa asilimia 27.6 tu ya siku. Mwisho natafuta masharti ya ukombozi: nani anaruhusiwa, kiwango cha chini ni kipi, na dola hutoka baada ya siku ngapi.