Kwanza milango, maneno baadaye

Swali la wiki: "Mtoto wako anapanda jukwaani kwa mara ya kwanza Jumamosi ijayo na tayari anatetemeka. Utamwambia nini ili asiogope?"

Mimi simwambii kitu. Maneno ya siku ile ni kazi bure, na mara nyingine yanaharibu. Unapomshika mtoto mabega na kumwambia "usiogope", umeshamtangazia kwamba kuna cha kuogopa.

Mpwa wangu anajifunza piano hapa Arusha, na onyesho lake la kwanza liliangukia mwezi wa saba. Baridi ya mwezi wa saba mnaijua, tena ndani ya ukumbi wa kanisa wenye sakafu ya saruji na milango wazi. Nyumbani alikuwa anakipiga kile kipande cha kurasa mbili huku jicho moja liko kwenye televisheni. Pale ukumbini vidole vikawa barafu, kwa sababu hofu yenyewe hupunguza damu inayofika mikononi, na baridi ikamalizia. Shangazi yake akamwambia avute pumzi nyingi. Akavuta, akavuta, haraka haraka, mpaka akalalamika kizunguzungu na midomo kufa ganzi. Hapo tatizo si hofu peke yake: ukipumua kupita kiasi, kaboni dayoksaidi inapungua mno mwilini, na ganzi ya midomo na vidole ndiyo dalili. Kinachotuliza zaidi ni kuitoa pumzi polepole. Unavuta kwa pua ukihesabu hadi 4, unaitoa ukihesabu hadi 6, bila kujaza kifua, kwa dakika mbili tatu basi.

Halafu MC naye: "Wapendwa, huyu ndiye mdogo kuliko wote, tumtie moyo maana anaogopa!" Makofi.

Akaanza kwa kasi ambayo sijawahi kumsikia nayo. Moyo ukienda mbio, mwendo wa kawaida unauona unajikokota. Ukurasa wa pili, pale mkono wa kushoto unapohama, akakwama. Akarudi mwanzo. Akakwama palepale. Akarudi tena mwanzo. Mwalimu wake akamnong'oneza kutoka pembeni, "Nenda sehemu ya mwisho." Mtoto akamtazama tu. Angeendaje, wakati hajawahi kuanzia pale hata siku moja? Vidole vyake vilijua njia moja, ile ya kutokea noti ya kwanza. Akashuka analia.

Mwalimu hakumhubiria. Alichukua penseli akaandika A hadi F juu ya nota, kila mahali ambapo sentensi mpya ya muziki inaanza, akaziita milango. Mtoto akaanza kujifunza kutokea nyuma: F peke yake, kisha E mpaka mwisho, kisha D. Baadaye dada yake anasonga ugali jikoni, anapaza sauti "C!", na yeye anatakiwa aanzie C papo hapo bila kupapasa. Sheria ni moja: ukiteleza hurudi nyuma, unarukia mlango unaofuata. Kisha likaja zoezi ninalolipenda kuliko yote. Anakimbia kuzunguka nyumba mpaka moyo unadunda, anakaa, anapiga mara moja tu, hakuna kurudia, mbele ya yeyote aliyepo, hata kama ni mama wa maziwa. Na kabla ya noti ya kwanza anaweka mikono mapajani, anauimba kichwani mstari mgumu kuliko yote, na mwendo wa mstari huo ndio anaoanza nao.

Desemba alipanda tena. Karibu na D akateleza, akarukia E. Nadhani tuliogundua ni mwalimu na mimi tu. Mikono ilikuwa baridi vilevile, ingawa alisubiri zamu yake kaivalisha soksi za sufu.

Nilitaka kuishia hapo nikiwa mshindi. Tatizo nimemuuliza mwenyewe kabla ya kutuma barua hii, naye anasema kilichomsaidia si milango. Anasema mwalimu alimwambia pembeni kwamba hata yeye mikono humpoa mpaka leo kila akipanda, na kwamba moyo kudunda ni mwili unajiandaa kufanya kazi. Maneno, tena! Mimi bado naamini bila milango maneno hayo yangekwama palepale ukurasa wa pili, lakini aliyekaa kwenye kile kiti ni yeye.

Basi kwa Jumamosi ijayo, ambapo muda wa milango sita haupo, mwekeeni miwili au mitatu, na mmoja uwe wa kuingilia sehemu ya mwisho. Kisha mwambieni hayo ya mwalimu, ila aseme mtu ambaye kweli mikono humpoa; watoto wanajua. Na kama hali chakula wala halali tangu wiki iliyopita, aahirishe. Kwaya ya vijana itaijaza hiyo nafasi kwa furaha, na kuzidisha.