Maswali ya treda mwenye ajira: mpango wa ukurasa mmoja unatosha

Niko kazini kuanzia asubuhi hadi jioni. Nitumie chati ya dakika 15 au ya saa 1?

Hakuna hata moja. Tumia chati ya siku. Ya dakika 15 inataka macho ambayo mwajiri wako ameshayanunua, na utaishia kufungua oda ukiwa msalani.

Nianze na loti ngapi?

Swali hili linakuja kila wiki, na kila wiki aliyeuliza hajataja stopu yake itakaa wapi. Bila umbali wa stopu, saizi haipo. Anayechagua loti kwanza hulazimika kuisogeza stopu karibu ili hasara ivumilike, kisha soko linamtoa kwa mtikisiko wa kawaida wa siku. Akaunti nyingi huungua kwa njia hiyo hata pale mwelekeo uliposomwa vizuri. Hesabu yenyewe iko kwenye jibu linalofuata.

Kwenye huo ukurasa mmoja naandika nini hasa?

Andika mambo ambayo mtu mwingine angeweza kuyatekeleza bila kukupigia simu. "Nanunua soko likionyesha nguvu" si kanuni, maana kila mtu ana nguvu yake.

Chukua EURUSD na akaunti ya dola 2,000. Kanuni ya kuingia inaweza kusomeka hivi: bei iko juu ya wastani wa siku 50, imerudi chini kwa siku 2 au zaidi, na mshumaa wa jana umefunga juu ya ulipofungulia. Tuseme kilele cha mshumaa huo ni 1.0840, na bei ya chini kabisa ya kurudi huko ni 1.0775. Unaweka oda ya Buy Stop pips 5 juu ya kilele, halafu unaongeza spredi, kwa sababu chati kwa kawaida huchora Bid ilhali wewe unanunua kwa Ask. Spredi ikiwa pip 1, oda inakaa 1.0846. Stopu inakaa pips 5 chini ya ile bei ya chini, yaani 1.0770. Umbali ni pips 76.

Sasa ndipo saizi inapokuja. Asilimia 1 ya akaunti ni dola 20. Gawa kwa pips 76, unapata takriban senti 26 kwa pip. Loti 0.01 ya EURUSD ni senti 10 kwa pip, kwa hiyo unachukua 0.02, na ukitolewa unapoteza dola 15.20. Usipandishe hadi 0.03 eti "ni karibu tu": hiyo ni dola 22.80, na kanuni imeshavunjika siku ya kwanza.

Kutoka kuandikwe kabla ya kuingia. Lengo ni mara mbili ya umbali wa stopu, yaani 1.0998, na unalijaza kwenye Take Profit wakati uleule wa kuweka oda. Oda ambayo haijashikwa ndani ya saa 24 ifutwe. Jaza Expiration ili isikusubiri ukiwa kwenye kikao. Iliyoshikwa ikifikisha mishumaa 10 bila kugusa stopu wala lengo, ifunge. Kipengele hiki cha muda ndicho wengi husahau, nao hubaki wamebeba oda iliyolala na kulipa swapu kila usiku.

Naruhusiwa kusogeza stopu?

Kuelekea faida, ndiyo, ikiwa ukurasa unasema lini. Kuipa hasara nafasi zaidi, hapana.

Nimenunua EURUSD na GBPUSD, kila moja asilimia 1. Niko salama?

Umeuza dola mara mbili. Habari moja ya Marekani inaweza kuzitoa zote mbili kwa pamoja, kwa hiyo zihesabu kama oda moja: gawa asilimia 1 kati yao au chagua moja. Tena asilimia 1 yenyewe si ukuta. Tarehe 15 Januari 2015, Benki Kuu ya Uswisi ilipoondoa kiwango cha 1.20 cha euro dhidi ya faranga, stopu nyingi zilitekelezwa mbali mno na zilipowekwa. Bei huruka mwisho wa wiki pia, kwa hiyo andika kama utabeba oda Ijumaa au utaifunga.

Niliuza, stopu ikashikwa usiku, lakini chati haikufika pale. Broka kaniibia?

Angalia saa kwanza. Stopu ya aliyeuza hushikwa na Ask, na Ask kwa kawaida haionekani kwenye mishumaa. Saa 11 jioni ya New York, siku ya soko inapofungwa, spredi hutanuka hata kwenye jozi kubwa. Kama ulitolewa karibu na saa hiyo, maelezo yako hapo. Unapouza, weka stopu mbali zaidi kwa kiasi cha spredi unayoiona saa hiyo, kisha piga upya hesabu ya loti kwa umbali huo mpya. Oda mpya usiziweke hadi spredi irudi kawaida.