Usaili umegongana na mtihani: barua pepe niliyoiandika mara mbili

Mwaliko wa usaili wa mafunzo kazini ulinifikia Ijumaa mchana: Jumatano, tarehe 12 Juni, saa 4 asubuhi. Nikafungua ratiba ya mitihani. Siku hiyohiyo, saa 3 hadi saa 6, nina mtihani wa takwimu.

Barua ya kwanza niliyoandika ilikuwa aya nne za kuomba radhi, na mwisho nikaweka "niko tayari muda wowote mtakaonipangia." Bahati nzuri sikuituma. Kwanza, ilikuwa uongo, maana Ijumaa ya tarehe 14 nilikuwa na mtihani mwingine. Wangenipangia siku hiyo ningelazimika kuomba tena, na ombi la pili ndilo linalochafua jina. Pili, "muda wowote" humwachia mwenzako kazi yote ya kutafuta nafasi, na anayepanga usaili ana kalenda za watu watatu wanne wa kupatanisha.

Nilichotuma jioni ile ni hiki:

"Habari za kazi. Nashukuru kwa kunialika kwenye usaili wa Jumatano, tarehe 12 Juni, saa 4 asubuhi. Kwa bahati mbaya nina mtihani wa mwisho wa muhula siku hiyo, saa 3 hadi saa 6, ambao chuo hakiruhusu kuuahirisha. Naomba radhi kwa usumbufu. Je, mojawapo ya nyakati hizi itawafaa: Jumanne tarehe 11, saa 8 mchana; Jumatano tarehe 12, saa 9 alasiri; au Alhamisi tarehe 13, saa 3 hadi saa 5 asubuhi? Mkihitaji ratiba ya mtihani nitaituma. Bado naitaka sana nafasi hii."

Chini nikaweka jina kamili na namba ya simu. Niliijibu barua yao ileile, sikuanzisha mpya, ili anayeisoma aone mwaliko wake papo hapo bila kuutafuta.

Angalia Jumanne: iko kabla ya siku waliyoipanga wao. Anayetaja siku za mbele tupu anaweza kudhaniwa anatafuta muda zaidi wa kujiandaa. Na Jumatano sikuandika saa 6 na nusu, ingawa mtihani ungekuwa umekwisha. Karatasi hukusanywa taratibu, na kuliko kuingia kwenye usaili ukihema ni afadhali usiingie. Radhi niliomba mara moja tu. Ukirudia mara tatu, mtihani wenyewe unaanza kuonekana kama kisingizio.

Nilijipa hadi Jumatatu saa 5 asubuhi. Kimya kikiendelea, ningepiga simu. Jibu likaja saa 4: "Jumanne ni sawa." Nikathibitisha kwa mstari mmoja. Mwaliko wa kalenda ulipofika nikakagua saa kwanza, kwa kuwa kalenda zetu huhesabu kwa mtindo wa Kizungu na saa 8 mchana ilitakiwa isomeke 14:00. Ilisomeka 08:00. Nikawaandikia tena, safari hii nikitaja saa 8 mchana na 14:00 kwa pamoja.