Ruta ikianza kuchoka, ikague kabla ya kuizima

Intaneti ya nyumbani ikizidi kuwa nzito siku hadi siku, kisha ukizima ruta na kuiwasha inarudi kasi yake, kishawishi ni kuizima kila inapochoka. Mimi hushughulika na mitandao ya majumbani hapa Dar es Salaam, na ombi langu kwa wateja ni lilelile: ikianza kusumbua, nipe dakika kumi kabla hujachomoa waya. Ukishaizima, ushahidi wote unafutika.

Kwanza angalia kinachokwama. Kama simu ya WhatsApp iliyoanza zamani inaendelea vizuri, lakini ukurasa mpya haufunguki au unafunguka ukiujaribu mara ya pili au ya tatu, lishuku daftari la miunganisho. Ruta huandika kila muunganisho unaopita ndani yake: kifaa gani kinazungumza na seva gani. Daftari hilo liko kwenye kumbukumbu yake na lina kikomo, ambacho kwenye ruta ndogo kinaweza kuwa maelfu machache tu. Likijaa, waliomo wanaendelea na wapya wanakataliwa.

Linajaa polepole kwa sababu ya muda wa kusubiri. Ruta nyingi zinaendeshwa na Linux, na kwa mpangilio wake wa asili, muunganisho wa TCP ulionyamaza bila kufungwa rasmi hubaki daftarini sekunde 432,000, yaani siku 5. Mtu akitoka nyumbani na simu yake ikapotea kwenye waifai, miunganisho aliyoiacha wazi inaweza kubaki humo siku zote hizo.

Nyumba moja ya Tabata ilikuwa na tatizo hili hasa. Wapangaji wa vyumba vya nyuma walitumia waifai ya mwenye nyumba, na kijana mmoja aliacha laptopu yake ikipakua filamu kwa torenti usiku na mchana. Programu ya aina hiyo hufungua mamia ya miunganisho kwa wakati mmoja na kuibadilisha kila mara. Kila baada ya siku chache kurasa zilianza kukwama. Ruta yao iliruhusu kuingia ndani, nikaandika:

```
cat /proc/sys/net/netfilter/nf_conntrack_count
cat /proc/sys/net/netfilter/nf_conntrack_max
```

Namba ya kwanza ni miunganisho iliyopo, ya pili ni kikomo. Zilikuwa karibu sawa, na kwenye kumbukumbu za matukio kulikuwa na mstari `nf_conntrack: table full, dropping packet`. Tuliweka kikomo cha miunganisho 100 kwenye programu ya torenti, kisha nikapunguza muda wa kusubiri hadi sekunde 7440, yaani saa 2 na dakika 4. Usiushushe sana chini ya hapo, maana programu zinazokaa kimya muda mrefu zitaanza kukatika. Ruta nyingi za kampuni za intaneti haziruhusu mteja kugusa mpangilio huu. Hapo dawa ni kumbana mtumiaji mzito.

Kuna pia uvujaji wa kumbukumbu, pale programu ya ruta inapochukua nafasi bila kuirudisha. Dalili yake ni ukurasa wa mipangilio wa ruta yenyewe kuwa mzito, na kumbukumbu iliyobaki kupungua kila siku hata watumiaji wakiwa walewale. Tafuta toleo jipya la programu ya ruta kwa mtengenezaji. Kama hakuna, panga ijizime na kujiwasha saa 10 alfajiri mpaka utakapopata nyingine.

Joto lina ratiba tofauti. Huuma mchana na kupungua usiku bila mtu kugusa kitu, na ukiizima na kuiwasha papo hapo nafuu haidumu. Mara nyingi nimekuta ruta juu ya king'amuzi, ndani ya kabati la TV lenye mlango wa kioo. Itoe nje, matundu yake yawe wazi, uifute vumbi, kisha uiangalie mchana wa siku mbili tatu kabla ya kubadilisha kitu kingine.

Wingi wa vifaa nao hufuata watu: uzito unaanza jioni wanaporudi na kuisha wakilala. Vifaa vya waifai hupokezana hewani, na simu ya zamani iliyo mbali hutumia muda mrefu kutuma kitu kidogo, wengine wakisubiri. Chomeka laptopu kwa waya wakati huohuo. Ikiwa kasi iko sawa kwenye waya, laini haina kosa, shida iko kwenye waifai. Hamishia TV na kamera kwenye waya, na simu zinazoweza ziende kwenye 5 GHz. Kama hata kwenye waya ni nzito, na daftari lina nafasi, na ruta haina joto, ipigie simu kampuni ya intaneti ukiwa bado hujaizima, ili waione laini ikiwa katika hali hiyohiyo.