Gari linavuma: muulize nini mwenye gari kabla ya kushika spana?

*Swali: Mteja analeta gari na kusema tu, "Linatoa mlio wa ajabu." Nianze kumuuliza maswali gani ili nijue tatizo liko wapi kabla ya kufungua kitu?*

Usianze na "mlio ukoje?" Kila mtu huuelezea kivyake, na ukifuata maneno hayo utapotea. Uliza kwanza unatokea wakati gani.

Swali linalokata njia nusu ni hili: gari likiwa limesimama, ukikanyaga mafuta, mlio upo? Kama upo, angalia injini na vinavyozungushwa na mkanda, kama beringi ya oltaneta. Kama haupo mpaka gari litembee, tafuta kuanzia gia hadi tairi.

Tuseme mteja anajibu hivi: likisimama ni kimya, lakini kuanzia kilomita 60 kwa saa linavuma, na mvumo unakua kadiri mwendo unavyoongezeka. Muulize akiachia mafuta inakuwaje. Mvumo ukiendelea vilevile huku injini haivuti tena, shuku tairi au beringi ya gurudumu. Hapo ndipo wengi hubadilisha beringi isiyo na tatizo lolote, kwa sababu tairi lililolika vibaya huvuma karibu sawa na beringi iliyokufa.

Cha kutofautisha ni barabara. Akisema mvumo hubadilika akitoka kwenye lami mbovu kuingia lami laini, anza na tairi. Pitisha kiganja juu ya kashata zake, mbele na nyuma. Ukihisi meno kama ya msumeno upande mmoja, hamisha tairi za mbele nyuma, kisha lijaribu tena. Mvumo ukihama, umepata jibu.

Usipobadilika na barabara, uliza kuhusu kona. Kwenye kipilefti chetu gari huzunguka kuelekea kulia, na uzito hulalia magurudumu ya kushoto. Mvumo ukizidi hapo na kupungua gari likikata kushoto, mara nyingi beringi mbovu ni ya kushoto. (Akitaja "ka-ka-ka" anapokata usukani hadi mwisho huku akikanyaga mafuta, hiyo ni sivii jointi, si beringi.)

Bado usifungue. Piga jeki, weka stendi, gia iwe N. Shika springi ya shokapu kwa mkono mmoja na uzungushe gurudumu kwa mwingine. Beringi mbovu huleta mkwaruzo unaousikia vidoleni kupitia springi. Linganisha na upande wa pili. Kisha shika gurudumu juu na chini ulitikise, ila usitegemee kipimo hiki peke yake: beringi nyingi huvuma muda mrefu kabla ya kulegea. Ikiwa imeshalegea, na umehakikisha kwamba si boljointi inayocheza, gari hilo lisitoke gereji mpaka beringi ibadilishwe.