Mabua ya masika, Chanika: nichome au niache?

"Wakuu, nina eka moja Chanika. Mabua ya masika bado yamesimama, nyasi zimefika kiunoni na vuli hiyo inakuja. Jirani ananiambia nipige kiberiti tu, maana yeye alichoma mwaka jana na mahindi yake yalikuwa ya kijani kuliko ya mtaa mzima. Mjumbe naye analalamika moshi. Nisipochoma nafanyaje? Na huo uharibifu wa ardhi ni kweli au maneno?"

Mkuu, jirani yako hakudanganyi. Majivu yana potasiamu na kalsiamu, fosforasi kidogo, na yanapunguza tindikali ya udongo. Mche ukiota juu yake unakuta meza imeshaandaliwa. Ndiyo maana watu hawaachi kuchoma hata wakihubiriwa namna gani: wanaona matokeo kwa macho. Kinachofichika ni kilichoondoka ili hayo majivu yapatikane.

Tufanye hesabu ya eka yako. Tuseme masika umevuna gunia 8 za kilo 100. Mabua na majani makavu yaliyobaki yatakaribia tani moja, labda na kidogo juu. Ndani ya tani hiyo mna nitrojeni kama kilo 7, na moto ukipita, karibu yote inapanda hewani. Mfuko wa urea wa kilo 50 una nitrojeni kilo 23, kwa hiyo umechoma kama theluthi ya mfuko. Potasiamu inabaki chini, ila inabaki kwenye majivu ya kilo 60 au 70 hivi, unga mwepesi uliolala juu ya mchanga mtupu. Upepo wa mchana unachukua fungu lake, na mvua ya kwanza ya vuli, unajua inavyokuja kwa kishindo, inashusha lililobaki kwenye mtaro.

Lakini theluthi ya mfuko mtu unaweza kununua. Mimi kinachoniuma ni uozo unaopotea. Nalima Msongola, mchanga ni uleule wa kwako, na mchanga wetu hauna mfinyanzi wa kutosha kushika maji wala mbolea. Kazi hiyo inafanywa na mabaki yaliyooza. Ukichoma kila msimu, hakuna kinachoingia ardhini isipokuwa mizizi, na joto la huku linamaliza hata kile kidogo kilichokuwepo. Halafu ardhi inabaki uchi: matone yanaipiga, juu panafunga gamba, maji yanateleza badala ya kuzama. Mvua ikikata siku chache tu, mahindi yameshajikunja majani kabla ya adhuhuri.

Usiniamini mimi. Nenda mpakani kwako, kwenye kichaka ambacho moto haujafika kwa miaka, chimba kina cha kiganja na uchukue udongo. Kisha chimba katikati ya shamba. Lowanisha yote miwili na ufinye. Wa kichakani utakuwa mweusi kidogo, utashikana na kunukia udongo hasa. Wa katikati utakuwa wa rangi ya kijivujivu au nyekundu iliyopauka, na utamwagika vidoleni kama mchanga wa ujenzi. Hiyo tofauti ndiyo jibu la swali lako la pili.

Kuhusu moshi, mjumbe ana haki. Watu wengi tunawasha jioni kwa sababu upepo umetulia na moto unatawalika. Usiku hewa ya karibu na ardhi inapoa, moshi unakosa nguvu ya kupanda, unalala mabondeni na kuteremka taratibu kuelekea mjini. Nyasi zikiwa mbichi ni mbaya zaidi, maana haziwaki, zinafuka mpaka alfajiri, na moshi wa kufuka una chembe nyingi kuliko wa moto mkali. Chembe zenyewe ni ndogo kiasi kwamba zinafika ndani kabisa ya mapafu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishusha kiwango chake cha saa 24 kwa chembe hizo, kutoka maikrogramu 25 hadi 15 kwa kila mita ya ujazo. Ni kiwango kidogo mno ukifikiria rundo moja linalofuka chini ya dirisha la mtu.

Sasa kazi yenyewe. Anza mapema, Agosti au Septemba mwanzoni, usisubiri wingu. Fyeka nyasi chini kabisa na angusha mabua yalale. Kufyeka ungefyeka hata kama ungechoma, kwa hiyo hapo hujaongeza gharama. Mabua yaache yamelala juani wiki nne hivi. Sababu ni bungua: yule funza anayetoboa bua hujificha humo akisubiri mvua, na ndiyo hoja moja nzito ya wanaochoma. Bua likiwa limesimama linamhifadhi. Likilazwa kwenye jua kali la kiangazi, funza wengi hufia ndani. Pasua machache baada ya wiki hizo ujionee. Ukikuta bado wapo hai, geuza mabua na ongeza siku.

Nyasi za kudumu zitachipua tena ndani ya wiki mbili. Ziache zifike usawa wa goti, kisha fyeka mara ya pili. Zimetumia akiba ya mizizi kuchipua na sasa unazinyang'anya. Ndago haiuliwi hivyo, lakini hata moto hauiui, maana vitunguu vyake viko chini ya ardhi na vinachipua majivu yakiwa bado na joto. Ndago ni jembe na uvumilivu, basi.

Kisha panga mistari. Hapa ndipo wengi wanakata tamaa, kwa sababu wanatawanya tani moja kwenye eka nzima. Tani moja ukiitawanya hivyo inafunika kama theluthi ya ardhi tu, na siku ya palizi mabua yanakukwaza kila hatua. Mimi nafanya hivi: mistari ya mahindi inakaa sentimita 75, na takataka zote nazilaza kwenye nafasi moja, nafasi inayofuata naiacha wazi, na kuendelea. Nafasi iliyofunikwa inapata unene wa kutosha kuzuia magugu na jua. Nafasi ya wazi ni njia ya kupita na palizi, na hapo napanda kunde. Kwa shamba la Dar kunde si mapambo. Majani yake unayachuma ukauza mafungu wakati mahindi bado hayajatoa mbelewele, na mizizi inakuongezea nitrojeni kidogo. Msimu unaofuata unabadilisha: iliyokuwa wazi inafunikwa. Jembe linapita kwenye mstari wa mbegu pekee, kwingine huligusi.

Kama shamba lina mteremko, mistari ikate mteremko, isishuke nao. Vijiti vinene toa, ni kuni hizo.

Sasa sikiliza hapa vizuri, maana hapa ndipo watu wanapoacha msimu wa kwanza na kurudi kwenye kiberiti. Mabua ya mahindi yana kaboni nyingi mno kulinganisha na nitrojeni, kama 60 kwa 1 au zaidi. Vijidudu vinavyoyaozesha vinahitaji nitrojeni, na vikiikosa ndani ya bua vinaichukua kwenye udongo, mdomoni mwa mahindi yako. Kwa hiyo usiyafukie mabua makavu karibu na kupanda. Yakikaa juu, yanagusana na udongo kidogo na wizi huo unakuwa mdogo. Mbolea ya kupandia iweke shimoni, ifunike udongo kidogo ndipo uweke mbegu. Urea ya kukuzia, wiki ya tatu au ya nne, ichimbie kishimo upande wa mche, kina cha sentimita 5 hivi, kizibo kimoja cha soda kwa shimo, na ufukie. Ukiimwaga juu ya takataka, sehemu kubwa inageuka gesi na kuondoka. Harufu kali ile unayoisikia siku ya pili ndiyo pesa yako.

Utajuaje kama ni njaa ya nitrojeni na si kitu kingine? Angalia majani ya chini, yaliyozeeka. Umanjano unaanzia nchani na kurudi nyuma ukifuata mshipa wa katikati, kama herufi V iliyolala. Majani machanga ya juu yakiwa ndiyo ya njano na ya chini kijani, hiyo si nitrojeni, mara nyingi ni salfa. Majani yakijikunja bila kubadili rangi, ni kiu. Ukiona hiyo V wiki ya tatu, usingoje ya nne, weka urea.

Mchwa watakuja, usishtuke. Kwa joto letu, matandazo ya msimu mmoja yanakuwa yameliwa karibu yote kufikia msimu mwingine. Wengi wanakula kilichokufa, ila mahindi yakishakauka wanaangusha mashina, kwa hiyo usiyaache yasimame shambani muda mrefu. Na usitegemee udongo mweusi baada ya mwaka mmoja. Kinachoonekana mapema ni unyevu: inua matandazo siku ya tano bila mvua uguse chini, kisha uguse kwenye nafasi ya wazi.

Kuna mabaki ambayo mimi mwenyewe nayachoma. Muhogo wenye michirizi kahawia, ule ambao ukikata kiazi unakuta mabaka makavu ya kahawia, ng'oa shina lote. Ukiliacha chini linachipua, nzi weupe wanafyonza na kusambaza ugonjwa kwa mihogo ya jirani. Ling'oe, lianike mpaka likauke kabisa, uchome rundo dogo. Kavu, mchana, siku isiyo na upepo, ukiwa umesafisha mita tatu kuzunguka na maji yako karibu. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ina masharti juu ya kuchoma mimea, kwa hiyo pita kwanza ofisi ya serikali ya mtaa na uwaambie majirani, hasa kama uko upande wa msitu wa Kazimzumbwi. Moto wa shamba ukiingia mle hauna mwenye kuuzima.

Kama ukifika Oktoba bila nguvu ya kupanga mistari, tafuta mfuga ng'ombe wa ndani, Chanika wapo. Wakati wa kiangazi wanahangaika na malisho na wengi watakuja kubeba mabua wenyewe. Usiwape bure: dai samadi, na uikubali iliyokaa rundoni ikaoza, si mbichi ya jana. Nusu ya mabua wape, nusu baki nayo ya kufunika.