Wateja 500+ kwenye bio

"Nauza madera insta, nimeshatoa madera 500, naweza kuandika wateja 500+ kwenye bio?"

Hapana dada, wengine wanabeba matatu kwa mpigo. Fungua daftari uhesabu namba za simu zilizolipa, aliyerudi mara nne bado ni mtu mmoja, na yaliyorudishwa utoe. Mi nilipohesabu nikakuta oda 312 ila watu 140 tu, aisee niliishiwa nguvu, nikaandika "oda 312 tangu 2019, hadi Juni" na kila mwezi naibadilisha. Kuna kaka anasema weka idadi ya mafolowa, wale wengi wanapita tu bana. Ila miaka ndo inanisumbua, nilisimama mwaka mzima nilipojifungua, sasa hiyo "tangu 2019" sijui kama ni sawa.